Beta ya mkoba wa hisa: kwa nini daftari la mwaka jana haliwezi kukuonya leo

Watu wawili wanaweza kushika mkoba uleule wa hisa za Soko la Hisa la Nairobi, kila mmoja akakokotoa beta yake kwa uangalifu, mmoja akapata 0.6 na mwenzake 0.9. Hesabu za wote wawili huenda ni sahihi. Tofauti hutokana na mambo ambayo tarakimu yenyewe haiyaonyeshi: bei zilichukuliwa kila siku au kila wiki, soko lilipimwa kwa fahirisi ipi, na uzito wa kila hisa uliotumika ni wa leo au wa miezi iliyopita. Anayetaka kuweka kengele itakayomwonya mkoba wake unapolifuata soko kupita kiasi hana budi kuyaelewa hayo kabla ya kuchagua kikomo, la sivyo kengele italia bila sababu, au itanyamaza wakati ambapo ingepaswa kulia.

Tuanze na maneno. Fahirisi ya soko ni tarakimu moja inayojumlisha mwendo wa bei za hisa nyingi; Nairobi, inayotumika zaidi kwa kazi hii ni NASI, inayojumuisha hisa zote za soko na iliyoanza kuhesabiwa mwaka 2008 ikiwa na pointi 100. Mkoba ni jumla ya vyote ulivyowekeza, pamoja na dhamana za Serikali na fedha taslimu. Badiliko ni asilimia ambayo thamani imepanda au kushuka katika kipindi kimoja. Beta, ambayo iliingia katika lugha ya wawekezaji kupitia nadharia aliyoichapisha William Sharpe mwaka 1964, hujibu swali moja tu: soko likisogea kwa asilimia moja, mkoba huu kwa kawaida husogea kwa asilimia ngapi upande huohuo?

Fikiria nauli ya matatu na bei ya petroli. Petroli ikipanda kwa asilimia 10 na nauli kwa wastani ikapanda kwa asilimia 6, basi beta ya nauli dhidi ya petroli ni 0.6. Nauli hupanda pia mvua inaponyesha jioni na wakati wa Krismasi, lakini mipando hiyo haimo ndani ya beta kwa kuwa haitokani na petroli. Hapo ndipo dhana potofu iliyoenea zaidi inapoanzia, kwamba beta ndogo maana yake ni hatari ndogo. Beta hupima sehemu moja tu ya hatari, ile inayotoka sokoni. Kampuni inaweza kufilisika polepole huku beta yake ikisoma 0.2.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua wiki tano za mfano ambamo soko lilibadilika kwa asilimia 2, −1, 1, −3 na 1, na mkoba ukabadilika kwa asilimia 2, −1, 2, −4 na 1. Nimezichagua tarakimu hizi ili wastani wa kila safu uwe sifuri, maana katika hesabu halisi hutoa kwanza wastani kutoka kila tarakimu. Zidisha wiki kwa wiki, soko mara mkoba, kisha jumlisha: 4 + 1 + 2 + 12 + 1 = 20. Sasa zidisha badiliko la soko kwa lenyewe na ujumlishe: 4 + 1 + 1 + 9 + 1 = 16. Beta ni 20 gawanya kwa 16, yaani 1.25. Jumla ya kwanza ikigawanywa kwa idadi ya wiki kasoro moja huitwa kovariansi, na ya pili ikigawanywa vivyo hivyo huitwa variansi. Kwa kuwa kigawanyo ni kilekile juu na chini, hufutika.

Hufutika, ila tu kikiwa kilekile. Katika Python, `np.cov` hugawanya kwa idadi kasoro moja, ilhali `np.var` isipoelekezwa vinginevyo hugawanya kwa idadi kamili. Ukichanganya hizo mbili katika mfano wetu, beta inatoka 1.5625 badala ya 1.25. Kwa wiki 104 kosa hilo ni chini ya asilimia moja na hakuna atakayeliona, lakini anayejaribu programu yake kwa data chache ataliona mara moja, na hiyo ni sababu tosha ya kuijaribu kwanza kwa mfano unaoweza kuhesabiwa kwa mkono.

Zinakotoka tarakimu ndiko kwenye kazi kubwa. Wengi huwa na daftari, mara nyingi ni jedwali la kompyuta, ambamo thamani ya mkoba huandikwa kila Ijumaa. Kutokana na thamani hizo hupatikana mabadiliko, na wanaoshughulika na mambo haya hupenda kuyaandika kwa logi asilia: logi ya thamani ya leo gawanya kwa thamani ya wiki iliyopita. Sababu yao ni nzuri. Hisa iliyopanda kwa asilimia 10 kisha ikashuka kwa asilimia 10 imetoka 100 hadi 110 hadi 99; asilimia za kawaida zikijumlishwa hutoa sifuri, kana kwamba hakuna kilichopotea, lakini logi zake, 0.0953 na −0.1054, hutoa −0.0101, ambayo ndiyo logi ya hasara halisi, kutoka 100 hadi 99. Logi basi hujumlishika katika muda. Hazijumlishiki kutoka hisa moja hadi nyingine: badiliko la mkoba ni wastani wa mabadiliko ya kawaida ya hisa zake kwa uzito wake, lakini kwa logi usawa huo ni wa kukaribia tu. Kwa mabadiliko ya wiki yaliyo chini ya asilimia tano hivi tofauti ni ndogo mno kuathiri beta. Muhimu ni kwamba soko na mkoba vyote viandikwe kwa njia moja.

Kosa linaloharibu daftari kuliko suala la logi ni la fedha zinazoingia na kutoka. Tuseme mkoba ulikuwa na shilingi 1,000,000, katikati ya wiki ukaongeza 180,000, na Ijumaa ukasoma 1,200,000. Programu isiyojua habari za nyongeza itaandika kwamba mkoba umepanda kwa asilimia 20. Ukweli ni kwamba ondoa 180,000, gawanya 1,020,000 kwa 1,000,000, na badiliko ni asilimia 2. Wiki moja ya aina hiyo, ikiangukia wiki ambayo soko nalo lilipanda, huweza kuipandisha beta ya mwaka mzima. Vivyo hivyo hisa moja inapogawanywa kuwa kumi, bei hushuka hadi sehemu ya kumi na logi yake husoma −2.30, ilhali mwenye hisa hakupoteza hata senti. Ndiyo maana kabla ya kukokotoa chochote ninapendekeza kupanga mabadiliko yote kuanzia dogo hadi kubwa na kuyakagua yale ya miisho yote miwili kwa macho. Kwa kuwa soko la Nairobi huzuia bei ya hisa kupanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku, badiliko la siku moja linalozidi hapo linapaswa kupatiwa maelezo.

Sasa tuje kwa kilichowatenganisha wale wawili wa mwanzo. Hisa nyingi za Nairobi, na za Dar es Salaam zaidi, haziuzwi kila siku. Isipouzwa, bei ya mwisho hubebwa hivyohivyo hadi siku ya pili, na daftari huandika badiliko la sifuri. Chukua Jumanne ambayo soko lilishuka kwa asilimia 2 huku hisa yako haikuguswa na mtu; Jumatano soko likatulia, na hisa yako ikauzwa kwa bei iliyoshuka kwa asilimia 3. Kwa hesabu ya kila siku, hisa ilisimama soko liliposhuka na ikashuka soko liliposimama, kwa hiyo haionekani kuwa na uhusiano wowote na soko. Kwa hesabu ya kila wiki, soko limeshuka kwa 2 na hisa kwa 3, na uhusiano umerudi palepale. Hivyo beta ya kila siku kwa hisa zisizouzwa mara kwa mara huwa ndogo kuliko ilivyo, na mwenye nayo hujiona salama. Tiba rahisi ni kutumia wiki, na dalili ya kuangalia ni idadi ya wiki zenye badiliko la sifuri kamili: zikizidi theluthi moja, mimi singeiamini beta ya hisa hiyo hata kidogo.

Mfano wa kupindukia ni wa Kenya Airways, ambayo hisa zake zilisimamishwa kuuzwa Nairobi Julai 2020 na hazikurudi sokoni hadi Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka minne bei haikusogea, na programu yoyote ya beta ingeisoma sifuri, sawasawa na dhamana ya Serikali. Mwenye hisa hizo hakuwa na usalama wa dhamana. Alikuwa na hisa asizoweza kuziuza.

Fahirisi nayo ina tabia yake. NASI hupima kwa mtaji wa soko, yaani kampuni kubwa husikika zaidi, na Safaricom peke yake imewahi kubeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima. Kwa hiyo unapokokotoa beta dhidi ya NASI, kwa sehemu kubwa unapima jinsi mkoba wako unavyoifuata kampuni moja. Mkoba uliojaa hisa za benki na saruji unaweza kuonyesha beta ya chini dhidi ya NASI kwa sababu hiyo tu. Hakuna dawa ya hili isipokuwa kuandika jina la fahirisi kando ya kila beta, na kutolinganisha kamwe beta mbili zilizopimwa kwa fahirisi tofauti.

Jambo ambalo hasa lilinisukuma kuandika ni hili. Beta inayotokana na daftari la thamani za mkoba huzungumzia mkoba uliokuwa nao, siyo ulio nao. Tuseme mwaka uliopita ulianza na shilingi 300,000 katika hisa ya benki yenye beta 1.3, shilingi 300,000 katika hisa ya kampuni ya simu yenye beta 1.2, na shilingi 400,000 katika dhamana za muda mfupi ambazo beta yake tunaichukua kuwa sifuri. Zidisha kila kiasi kwa beta yake: 390,000 na 360,000 na sifuri, jumla 750,000, gawanya kwa 1,000,000 na beta ya mkoba ni 0.75. Ukajiwekea kikomo cha 0.85. Mwaka ukawa mzuri: hisa ya benki ikaongezeka maradufu hadi 600,000, ya simu ikafika 420,000, na dhamana pamoja na riba zikafika 440,000. Hukununua wala kuuza chochote. Sasa jumla ya zao la kiasi na beta ni 780,000 na 504,000, yaani 1,284,000, na ukigawanya kwa mkoba wa 1,460,000 unapata 0.88.

Kikomo kimevukwa bila mwenye mkoba kufanya lolote. Ukikokotoa beta kutoka kwenye daftari la mwaka huo mzima, utapata kitu kilicho katikati ya 0.75 na 0.88, kwa sababu daftari linachanganya wiki za mwanzo, dhamana zilipokuwa asilimia 40 ya mkoba, na wiki za mwisho, zilipobaki asilimia 30. Kengele iliyounganishwa na daftari itachelewa kwa miezi. Tena tazama shilingi zenyewe: mwanzoni, soko likishuka kwa asilimia 10, ulitarajia kupoteza 75,000, sasa ni 128,400. Beta imepanda kwa asilimia 17 tu, ila kiasi kilicho hatarini kimepanda kwa asilimia 71.

Kwa hiyo kazi igawanywe. Historia ya bei itumike kukadiria beta ya kila hisa, na uzito wa leo utumike kuziunganisha. Katika mfano huu faili la `wiki.csv` lina bei za Ijumaa za NASI na za hisa mbili, zikiwa zimesahihishwa kwa migawanyo ya hisa:

```python
import numpy as np
import pandas as pd

d = pd.read_csv("wiki.csv", index_col="tarehe", parse_dates=True)
r = np.log(d / d.shift(1)).dropna().tail(104)
beta = r.cov()["NASI"] / r["NASI"].var()
beta["DHAMANA"] = 0.0

thamani = pd.Series({"BENKI": 600_000, "SIMU": 420_000,
                     "DHAMANA": 440_000})
uzito = thamani / thamani.sum()
beta_mkoba = (uzito * beta[uzito.index]).sum()
```

Hapa `cov` na `var` zote ni za pandas na zote hugawanya kwa idadi kasoro moja, hivyo mtego wa awali haupo.

Swali linalofuata ni iwapo 0.88 kweli ni zaidi ya 0.85. Beta ni makadirio, na makadirio yana ukungu. Ikiwa mabadiliko ya wiki ya soko yana mtawanyiko wa asilimia 2, na sehemu ya mwendo wa hisa isiyotokana na soko nayo ina mtawanyiko wa asilimia 2, basi kwa wiki 52 beta ya hisa hiyo hujulikana kwa usahihi wa takribani 0.28 juu au chini, na kwa wiki 104 takribani 0.20. Mbele ya ukungu huo, tofauti ya 0.03 haina maana, na anayekokotoa beta upya kila wiki na kuilinganisha na kikomo atakuwa akifuatilia kelele. Njia ninayoiona kuwa ya busara ni kuzishikilia beta za hisa bila kuzibadilisha kwa robo mwaka, na kuusasisha uzito kila wiki. Uzito haukadiriwi, unajulikana hadi shilingi ya mwisho. Kengele ikilia ndani ya robo hiyo, unajua kwamba mkoba wenyewe ndio uliobadilika.

Kengele nayo isilie na kunyamaza kila beta inapochezea mstari. Iwake beta ikizidi 0.85 kwa wiki mbili mfululizo, na ikishawaka isizimike mpaka beta ishuke hadi 0.80:

```python
if kengele:
    kengele = beta_mkoba > 0.80
else:
    kengele = min(beta_mkoba, beta_iliyopita) > 0.85
```

Ujumbe utumwe mara moja tu, kengele inapotoka kuzimika hadi kuwaka. Nafasi ya 0.05 kati ya mistari miwili si tarakimu takatifu. Mwenye mkoba unaoyumba sana aipanue. Na ujumbe useme nini kifanyike. Katika mfano wetu, kurudi 0.75 kunahitaji jumla ya zao la kiasi na beta iwe 1,095,000, yaani ipungue kwa 189,000. Ukigawanya 189,000 kwa 1.3, unapata kwamba kuuza hisa za benki za takribani shilingi 145,000 na kuzihamishia kwenye dhamana kunatosha, kabla ya ada za dalali.

Inabaki siku ya kusasisha beta, mwisho wa robo mwaka, ambapo kengele inaweza kuwaka au kuzimika kwa sababu ya kalenda tu. Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, biashara Nairobi ilisimamishwa baada ya fahirisi ya NSE 20 kushuka kwa zaidi ya asilimia 5. Wiki ambayo karibu hisa zote zinaporomoka pamoja huwa na sauti kubwa mno katika hesabu, kwa kuwa mabadiliko makubwa huzidishwa yenyewe kwa yenyewe. Katika wiki zetu tano za mfano, ile moja ya −3 na −4 ilitoa 12 kati ya 20. Katika dirisha la wiki 104, wiki ya Machi 2020 iliathiri kila beta kwa miaka miwili, kisha mwezi Machi 2022 ikatoka, na beta zikaweza kuruka bila lolote kutokea sokoni mwezi huo.

Ili kutambua mruko wa namna hiyo, tenganisha badiliko la beta ya mkoba katika sehemu mbili: badiliko la uzito lililozidishwa kwa beta za zamani, na badiliko la beta lililozidishwa kwa uzito mpya. Katika mfano wetu sehemu ya kwanza ni 0.13 na ya pili ni sifuri. Tuseme sasa robo imeisha, wiki moja nzito imetoka dirishani, na beta ya benki imesomwa 1.15 badala ya 1.3. Uzito wa benki ni asilimia 41, kwa hiyo beta ya mkoba inashuka kwa 0.06 hadi 0.82. Kengele bado inawaka, kwa kuwa 0.82 haijafika 0.80, na ujumbe unapaswa kuonyesha 0.13 ya uzito na −0.06 ya beta kila moja mahali pake, ili mwenye mkoba asidhani kwamba kuna mtu aliyeuza hisa.